Kinasa sauti hakijui nani kasema: kuendesha na kurekodi majadiliano ya kikundi kijijini

Wanafunzi wengi wa fildi wanaopangwa kwenye mashirika ya Nyanda za Juu Kusini hupewa kazi ya kuandika kwenye majadiliano ya vikundi. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa simu inarekodi, daftari ni la akiba tu. Sivyo. Ukisikiliza rekodi ya wanawake wanane wanaojadili maji, baada ya robo saa sauti zote zinafanana, na kichwa anachotikisa mtu hakisikiki kabisa. Kazi ya mwandishi ni kushika yale ambayo simu haiwezi kuyashika.

Tuchukue kikundi cha mfano: wanawake wanane wa kijiji kimoja cha Rungwe, mada ni michango ya kituo cha maji. Barua imeshapita kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Mtendaji ataukaribisha ugeni, atawatambulisha, kisha mwombe kwa heshima awaache na akina mama. Akibaki kwenye benchi la nyuma, hakuna atakayegusa suala la pesa za maji. Mwenyekiti wa kitongoji naye ni vivyo hivyo, hata kama amekaa kimya. Ombi hili lifanywe ofisini kabla ya kikao, maana kumwambia atoke mbele ya watu ni kumvunjia heshima.

Kaeni duara, mwezeshaji akiwa ndani ya duara, mwandishi nje kidogo mahali anapoona nyuso zote. Kila mshiriki anapewa namba kwa mpangilio wa kukaa, M1 hadi M8, na mwandishi anachora duara hilo kwenye ukurasa wa kwanza. Majina hayaandikwi. Ridhaa ya kurekodi iombwe kabla ya kuwasha kifaa, na irudiwe kikishawaka ili ibaki kwenye rekodi. Mmoja akikataa kurekodiwa, zima, andika kwa mkono. Usimbembeleze.

Tumia vifaa viwili, kimoja kila upande wa duara, juu ya kitenge kilichokunjwa, kwa sababu meza tupu hupokea kila kishindo cha kikombe. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege. Ikiingia simu katikati, rekodi inaweza kukatika na usijue mpaka jioni. Vianze pamoja, halafu piga kofi moja. Kofi hilo ndilo litakalokusaidia kuoanisha rekodi mbili baadaye.

Sasa daftari. Usijaribu kuandika kila neno, hutaweza. Andika dakika inayosomeka kwenye kinasa sauti, namba ya msemaji na maneno yake matatu ya kwanza. Pembeni weka kilichoonekana. Mwezeshaji anauliza michango inakusanywaje. Mwandishi anaandika: "17:40, M3, tunalipa kila mwezi. Wote: ndiyo. M6 kainama, M7 kamtazama M6." Kwenye rekodi utasikia "ndiyo" moja nene, na asiyekuwepo ataripoti kwamba kijiji kizima kinalipa. Itikio la pamoja ni adabu ya mkutano, si jibu. Mwandishi ampe mwezeshaji kikaratasi chenye "M6", naye aulize bila kumbana: "Mama namba sita, upande wenu wa kule juu hali ikoje?" Jibu linaweza kuwa: "Kule kiangazi maji hayafiki, ila mchango wanapita kuchukua." Hapo ndipo mjadala unapoanza hasa, na umetoka kwenye macho ya mwandishi.

Mzee wa maneno hakosekani, hata kwenye kikundi cha vijana. Mshukuru, kisha geukia upande mwingine wa duara. Akina mama wakirudi kwenye Kinyakyusa jambo linapochoma, waache wamalize. Baadaye mmoja afafanue kwa Kiswahili huku kifaa kikiendelea.

Adui mkubwa wa rekodi huku ni bati. Mvua ikinyesha juu ya ofisi isiyo na dari, hakuna programu itakayookoa sauti. Msipandishe sauti. Sitisheni, au kama inachelewa kukata, mwezeshaji arudie kila jibu kwa kifupi karibu na simu: "Mama namba mbili anasema..." Kipindi cha masika panga kikao asubuhi, ingawa huo ndio muda wa shamba, kwa hiyo muulize mtendaji siku ambayo akina mama hawaendi mbali. Dakika 90 zinatosha. Zikizidi, watu hujibu ili waondoke.

Kabla ya kulala, kaeni wawili mpitie daftari na kujaza mapengo, kisha nakilini faili zote na kuzipa jina lisilotaja mtu, kwa mfano `RUN_WANAWAKE_01`. Kunukuu saa moja ya rekodi huchukua saa nne hadi sita. Ukiliahirisha daftari hadi Ijumaa, "M7 kamtazama M6" itabaki wino tu, kwa sababu hutakumbuka ulikuwa mtazamo wa namna gani.