Kiboksi cha sabuni: chora mistari ya kukata na kukunja kabla ya pambo

Kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni ya mwani na karafuu walikuja kwenye karakana yetu ya ufungashaji na viboksi 500 vilivyokwisha kuchapwa. Rangi zilikuwa nzuri na picha ya kishada cha karafuu ilivutia. Lakini ukikishika kiboksi huku uso wake wa mbele ukikutazama, jina lililoandikwa juu ya mfuniko lilisomeka kichwa chini miguu juu. Sabuni nayo ilicheza ndani kama njugu ndani ya debe. Msanifu wao hakuwa mzembe. Alianza na pambo, kisha akalizungushia mistari ya boksi, na hapo ndipo hesabu ilipomponyoka.

Kinachotangulia ni mchoro wa dai, yaani ramani ya kiboksi kikiwa bado bapa, inayoonyesha kisu kitapita wapi na mkunjo utakaa wapi. Mchoro huo nao hauanzii kwenye kompyuta, unaanzia kwenye sabuni yenyewe.

Sabuni iliyotengenezwa kwa njia baridi hukaa kwenye rafu wiki nne hadi sita ikipoteza maji. Ikipoteza maji inapungua uzito, na inasinyaa pia. Akina mama wale walipima kipande kilichokatwa siku iliyotangulia, na ndiyo maana boksi lilikuja kupwaya. Chukua vipande kumi vilivyokwisha kukomaa, vipime vyote, ufuate kile kikubwa kuliko vyote. Vya kwao, kwa kipimo hicho, vilikuwa na urefu wa mm 80, upana wa mm 55 na unene wa mm 25. Kama sabuni inafungwa kwanza kwa karatasi ya nta, ipime ikiwa imeshafungwa.

Juu ya vipimo hivyo tunaongeza vitu viwili. Cha kwanza ni nafasi ya kuingizia, milimita moja kila upande, kwa sababu kingo za sabuni ya mkono hazinyooki kama za sabuni ya mashine. Cha pili ni unene wa karatasi. Karatasi ya gramu 300 tuliyoitumia ina unene unaokaribia nusu milimita, na unene huo huliwa kwenye kila mkunjo. Kwa hiyo kutoka mkunjo hadi mkunjo uso wa mbele unakuwa 55 + 2 + 0.5, yaani mm 57.5, na ubavu unakuwa mm 27.5. Urefu tuliongeza milimita nzima kwa ajili ya karatasi, kwa kuwa juu na chini kuna mfuniko, tukapata mm 83.

Sasa chora. Fungua faili jipya lenye vipimo vya milimita, ukubwa halisi, wala usichore kwa kukadiria ukidhani utakuja kuvuta baadaye. Tazama karatasi kama mtu anayetazama upande utakaochapwa, yaani nje ya boksi. Kutoka kushoto kwenda kulia panga ukanda wa gundi, uso wa nyuma, ubavu wa kushoto, uso wa mbele, kisha ubavu wa kulia:

```
gundi | nyuma | kushoto | mbele | kulia
 12   | 57.5  |  27.5   | 57.5  |  27
```

Utaona ubavu wa kulia umepunguzwa nusu milimita. Huo ndio unaolala juu ya ukanda wa gundi boksi linapofungwa. Ukiuacha na upana kamili, ukingo wake unajitokeza kwenye kona ya nyuma na boksi linakaa limepinda kidogo. Kosa hilo linajionyesha pale unapoliweka boksi tupu mezani na kona zake zinakataa kukaa sawa. Ukanda wa gundi wenyewe unapunguzwa kwa mshazari juu na chini ili usije ukakwama kwenye mikunjo ya mifuniko.

Mfuniko wa juu tuliuunganisha na uso wa nyuma, na wa chini tukauunganisha na uso wa mbele. Kila mfuniko una kina cha mm 27, na mbele yake kuna ulimi wa mm 12 wenye kona za mviringo, ambao ndio unaochomekwa ndani. Mbavu zote mbili zina masikio juu na chini, ya mm 18 kila moja, yanayokunjwa kwanza ili kushikilia sabuni isisukume mfuniko. Masikio hayalazimiki kukutana katikati.

Kuna sababu ya fedha katika kuupeleka mfuniko mmoja nyuma na mwingine mbele. Kiboksi chetu kikiwa bapa kina upana wa mm 181.5 na kimo cha mm 161. Karatasi ya SRA3 ni mm 320 kwa 450. Kama mifuniko yote miwili ingekuwa kwenye uso mmoja, ukivipanga viboksi kimoja juu ya kingine na kuacha nafasi ya mm 6 kati yao, ungehitaji kimo cha mm 328. Haviingii, kwa hiyo unapata viboksi viwili tu kwa karatasi nzima. Lakini mifuniko ikipishana, mfuniko wa juu wa kiboksi cha chini unaingia kwenye pengo lililo chini ya uso wa nyuma wa kiboksi cha juu, mahali ambapo hakuna mfuniko. Masikio nayo yanaelekeana bila kugusana, mm 18 na mm 18 ndani ya nafasi ya mm 45. Safu mbili zinahitaji mm 289 tu, na karatasi ileile inatoa viboksi vinne. Ukitaka masikio marefu ya kufunika kabisa, hesabu hiyo inavunjika, kwa hiyo ipige kabla hujaongeza hata milimita tano.

Karatasi ngumu ina nyuzi zinazolala upande mmoja. Kwenye kiboksi cha namna hii nyuzi zinatakiwa zizunguke boksi, yaani zikate mikunjo minne mirefu. Zikilala sambamba na mikunjo hiyo, nyuso za boksi zinavimba kwa nje, hasa kwenye unyevu wa pwani. Kwa mpangilio wetu wa SRA3 nyuzi zifuate upande wa mm 450. Kuutambua upande wa nyuzi ni rahisi: kata mraba mdogo, upinde taratibu huku na huku bila kuuvunja. Unakolegea zaidi ndiko mkunjo unakolala sambamba na nyuzi.

Kabla ya pambo lolote, chapisha mistari mitupu kwenye karatasi ileile ya gramu 300. Pitisha kifaa butu kwenye mistari ya mkunjo, kata, gundisha, tia sabuni. Tikisa karibu na sikio. Ukisikia inagonga, punguza. Kama unalazimika kuisukuma kwa kidole gumba mpaka inakwaruzika, ongeza. Boksi hilo jeupe ndilo tunalolitumia pia kuweka pambo. Chukua penseli, uandike juu yake likiwa limesimama: jina mbele, jina juu ya mfuniko, viungo nyuma, uzito pale unapoutaka. Halafu lifungue lirudi bapa, ulinganishe na skrini.

Hapo ndipo akina mama wale walipoliona kosa lao kwa macho. Mfuniko uliounganishwa na uso wa nyuma hukunjwa kuja mbele, kwa hiyo maandishi yaliyosomeka vizuri juu ya boksi yalionekana yamepinduka kwenye karatasi bapa. Msanifu anayatazama kwenye kompyuta, anaona yamepinduka, anayageuza akidhani anasahihisha. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba mfuniko wa juu ukishikana na uso wa nyuma, maandishi yake yapinduliwe kwenye mchoro. Ukishikana na uso wa mbele, yaachwe yamesimama.

Weka mistari ya kukata na kukunja kwenye leya yake, uifunge isisogee, na uipe rangi maalumu isiyotumika popote kwenye pambo. Zoea letu ni waridi kali kwa kukata na samawati kwa kukunja, kila moja kama rangi ya pekee yenye jina lake. Kwenye Illustrator washa `Overprint Stroke` kwa mistari hiyo, la sivyo kila mstari utatoboa rangi iliyo chini yake na kuacha mchirizi mweupe kwenye chapa.

Rangi yoyote inayofika ukingo wa kukata ivuke ukingo huo kwa mm 3. Maandishi na nembo zikae ndani, mm 3 kutoka kwenye kila mstari, mikunjo ikiwemo. Mashine ya kukata inaweza kuhama hadi milimita moja hivi, na hakuna ujanja wa kuizuia kabisa. Ndiyo maana sishauri rangi mbili zikutane juu ya mkunjo wenyewe, mfano uso wa kijani na ubavu mweupe. Boksi moja litatoka na uzi mweupe mbele, lingine na uzi wa kijani ubavuni. Acha kijani kizunguke boksi zima, au kiishie ndani ya ubavu kwa milimita kadhaa, ionekane imekusudiwa. Ukanda wa gundi uachwe mtupu, isipokuwa rangi ya uso wa nyuma ivuke mkunjo kwa mm 2. Gundi haishiki vizuri juu ya wino na vanishi, na kiboksi kinachofunguka rafuni chanzo chake mara nyingi ni hapo.

Msimbo wa milia ulikuwa tatizo la tatu la kikundi kile. EAN-13, msimbo wa tarakimu 13 unaotumika kwa bidhaa za dukani, kwa ukubwa wa kawaida pamoja na nafasi nyeupe za pembeni, ni mm 37.29 kwa 25.93. Unaweza kupunguzwa hadi asilimia 80, yaani mm 29.83 kwa 20.74. Ubavu wetu una mm 27.5, kwa hiyo hauingii ukilazwa. Msanifu alizikata nafasi nyeupe ili auingize, na mashine ya dukani haikuusoma. Dawa ni kuuzungusha usimame, ambapo mm 20.74 zinakaa ndani ya ubavu vizuri, au kuupeleka uso wa nyuma. Milia iwe nyeusi juu ya nyeupe. Milia myekundu haisomeki, kwa kuwa mashine nyingi humulika mwanga mwekundu na kwake nyekundu ni kama nyeupe.

Maandishi madogo ya viungo yawe ya wino mweusi peke yake, si mchanganyiko wa rangi nne, maana rangi nne zikihama hata kidogo herufi zinaota kivuli. Ukubwa usishuke chini ya pointi 6. Tarehe na namba ya pishi achia kisanduku cheupe kisicho na vanishi, ili muhuri ukauke.

Jambo moja la sabuni peke yake: ina alkali, na hutoa jasho la gliserini hewa ikiwa na unyevu. Baadhi ya wino, hasa bluu nzito na zambarau, hufifia zikikutana na alkali. Mwambie mchapaji kwamba ndani itakaa sabuni, naye achague wino unaoihimili. Kisha funga sabuni moja kwenye boksi la sampuli lililochapwa kwa wino huohuo, uliache wiki mbili mahali penye joto, ndipo uidhinishe chapa nzima. Faili unalomkabidhi liwe PDF ya ukubwa halisi, pamoja na lile boksi jeupe lenye maandishi ya penseli.