Mistari Miwili ya Chini ya Viza

"Kwa nini mfasiri wa pasipoti na viza hufasiri kila neno, halafu ile mistari miwili ya chini yenye vishale vingi anaiacha vilevile?"

Kwa sababu mistari ile haikuandikwa kwa lugha yoyote. Maneno ya juu ya stika ya viza yaliandikiwa binadamu, lakini mistari ya chini iliandikiwa mashine ya mpakani, ambayo haijui neno. Inachojua ni nafasi. Herufi iliyo katika nafasi ya kwanza ina kazi yake, ya pili ina yake, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari. Utaratibu huo umewekwa na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, katika waraka wake unaoitwa 9303, nao unaruhusu alama za namna tatu tu: herufi kubwa A hadi Z, tarakimu 0 hadi 9, na kishale `<` ambacho hujaza nafasi isiyo na kitu. Pasipoti ya kijitabu huwa na mistari miwili ya alama 44 kila mmoja, na stika ya viza huwa na miwili ya alama 44 au 36, kulingana na ukubwa wake.

Hapa Tanga kazi za namna hii hutufikia mara nyingi kutoka kwa mawakili. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kurasa za pasipoti zinazotolewa kuwa ushahidi zinahitaji kueleweka kwa Kiswahili. Nichukue mfano wa mkazi wa Ngamiani anayedai kwamba siku iliposainiwa hati ya kuuza kiwanja chake yeye alikuwa Ujerumani. Ushahidi wake ni stika ya viza na mihuri miwili, wa kuingia na wa kutoka. Jina na namba nitakazotumia ni za kubuni, lakini mpangilio wake ndio utakaoukuta kwenye stika. Mistari ya chini inasomeka hivi:

```
VCD<<NGWANDU<<SALIM<OMARI<<<<<<<<<<<
0123456784TZA7803093M1908309<<<<<<<<
```

Sehemu ya juu ya stika ndiyo yenye kazi ya kufasiri, na humo mfasiri hana budi kuwa mwangalifu. *Gültig für* ni "inatumika katika", *Anzahl der Einreisen* ni "idadi ya kuingia", na `MULT` iliyoandikwa mbele yake maana yake ni kwamba mwenye viza anaweza kuingia zaidi ya mara moja. Panapokosewa mara nyingi ni kwenye siku. Stika inaweza kuonyesha kwamba viza inatumika kuanzia `01-06-19` mpaka `30-08-19`, na chini yake *Dauer des Aufenthalts* ikasema siku 60. Mambo hayo mawili hayapingani: tarehe zinaeleza kipindi ambacho viza ina nguvu, na siku 60 ni jumla ya siku ambazo mtu anaruhusiwa kukaa ndani ya kipindi hicho. Mfasiri akiandika "muda wa viza" katika sehemu zote mbili, hakimu atadhani stika inajipinga yenyewe. Tarehe nazo ziandikwe kwa neno, 1 Juni 2019, ili asitokee mtu wa kusoma 1 kuwa Januari.

Mihuri ina maneno machache, kwa hiyo mfasiri huandika pia kile anachokiona. Mhuri wa nchi za Schengen, kundi la nchi za Ulaya ambamo Ujerumani imo, wa kuingia ni mstatili wenye pembe kali, na wa kutoka una pembe za mviringo. Kwenye kona kuna herufi ya nchi iliyozungukwa na nyota, na kwenye kona nyingine picha ndogo ya ndege, meli, gari au treni. Katika shauri kama hili umbo la pembe ni ushahidi, kwani ndilo linaloonyesha tarehe ipi ilikuwa ya kufika na ipi ya kuondoka. Pale wino ulipofifia huandikwa "[haisomeki]", wala mfasiri hakisii tarakimu hata kama anadhani anaijua.

Sasa turudi chini. `V` ni viza, `C` ni aina yake, na `D<<` ni Ujerumani, ambayo ina herufi moja tu hivyo nafasi mbili zilizobaki zikajazwa vishale. Anayefuta vishale hivyo kwa kudhani ni uchafu husogeza jina lote nafasi mbili kushoto, na mashine itachukua `NG` ya mwanzo wa jina kuwa sehemu ya alama ya nchi. Vishale viwili baada ya `NGWANDU` hutenganisha jina la ukoo na majina mengine, na kimoja kati ya `SALIM` na `OMARI` hushika nafasi ya pengo.

Katika mstari wa pili, `780309` ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka ukiwa mbele: 9 Machi 1978. Tarakimu 3 inayofuata si sehemu ya tarehe, ni ya ukaguzi. Hupatikana kwa kuzidisha kila tarakimu kwa 7, 3, 1, kisha tena 7, 3, 1, na kujumlisha: 49, 24, 0, 21, 0 na 9, jumla 103. Ukigawa kwa 10 kinabaki 3. Mwenye nia njema akiigeuza tarehe iwe kwa mpangilio tuliouzoea, `090378`, jumla inakuwa 77 na baki ni 7, wakati tarakimu iliyoandikwa pale bado ni 3. Anayelinganisha tafsiri na stika atajua papo hapo kwamba mstari umeguswa.

Lakini ulinzi huo haufiki kila mahali, na hili ndilo linalonifanya niwe mkali kwa vijana ninaofanya nao kazi. Katika viza, tarakimu za ukaguzi hulinda namba, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho. Jina halina tarakimu ya ukaguzi, uraia hauna, na jinsi haina. Niliwahi kupokea rasimu ambayo `M` ilikuwa imefasiriwa kuwa `ME`, na hesabu zote tatu zilikuwa sawasawa. Nilichogundua ni urefu tu: mstari ulikuwa na alama 37. Tangu hapo nahesabu kwa kidole, alama moja baada ya nyingine, na mistari hiyo naiandika kwa fonti ambayo kila herufi ina upana sawa ili mstari mrefu ujitokeze wenyewe. Kompyuta nayo ina hila zake: ziko programu zinazogeuza vishale viwili kuwa alama ya kufungulia nukuu, na nyingine huvimeza kabisa.

Hutokea pia wakili akaomba jina lirekebishwe, kwa sababu ukurasa wa picha wa pasipoti unasema NG'WANDU na mstari wa chini unasema `NGWANDU`. Hakuna kosa hapo. Ritifaa haimo katika alama zinazoruhusiwa, kwa hiyo huachwa bila kuwekewa chochote mahali pake, ilhali Ü ya jina la Kijerumani MÜLLER, ambayo nayo haimo, huandikwa UE na jina likawa `MUELLER`. Mfasiri huliandika jina lenye ritifaa pale lilipo na ritifaa, na lisilo nayo pale lisipo nayo, kisha juu ya mistari miwili huweka maneno haya: "[Sehemu ya kusomwa na mashine, imenakiliwa kama ilivyo]".