Kung'ang'ania Meli Si Kulinda Mshahara

Juzi nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa kijana wa Mikindani, oila kwenye meli ya mizigo iliyotia nanga ughaibuni. "Shikamoo kaka. Wazee wanasema nisishuke. Nikishuka, mshahara ndiyo basi."

Wazee gani hao? Mvumilivu hula mbivu, lakini huku kwetu mvumilivu hulipwa miezi minne tu.

Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, ambao Tanzania imeuridhia, unamtaka mwenye meli akurudishe kwenu kwa gharama yake mkataba ukiisha, na kipindi chako melini kabla ya kupata haki hiyo kisifike miezi 12. Hilo tulipite. Utamu uko kwenye marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2017. Akivunja uhusiano nawe, ikiwemo kutokukulipa kwa angalau miezi miwili, umetelekezwa. Umetelekezwa pia akigoma kutoa nauli, au akikuacha bila chakula, maji na mafuta ya kuendesha jenereta. Huhitaji kusubiri meli izame.

Hapo inaingia bima ya mwenye meli. Inalipa nauli, mahitaji yako mpaka ufike mlangoni kwenu, na mshahara unaodaiwa usiozidi miezi minne. Kijana wangu analipwa dola 600 kwa mwezi na anadai miezi saba, yaani 4,200. Bima itatoa 2,400. Zile 1,800 atazidai kwa kukamatisha meli mahakamani, na meli yenyewe imejaa kutu na wadai wengine kibao. Angepiga kelele mwezi wa pili, deni lote lingeingia ndani ya bima.

Na kushuka hakufuti deni. Deni la mshahara linaing'ang'ania meli, halijali wewe umelala kitanda gani. Kinachoponza ni karatasi ya wakala inayosema umeacha kazi kwa hiari na hudai kitu. Hiyo usisaini, hata akikuonyesha tiketi ya ndege.

Panaponitatiza ni zamu. Bandari nyingine hazikubali meli ibaki bila watu, basi baharia ana haki zote mkononi na bado hashuki mpaka apatikane wa kumpokea. Dawa ya haraka ya hapo sina.

(Wenye majahazi ya kwenda Komoro msinipigie. Mkataba huu hauhusu majahazi wala vyombo vya uvuvi.)

Nikamuuliza kama amekiona cheti cha bima hiyo, kwa sababu lazima kibandikwe mahali pa wazi melini, kikiwa na mawasiliano ya kuombea msaada, na baharia anaruhusiwa kuomba mwenyewe bila kupitia kwa nahodha. Hajawahi kukiona. Nikamtuma chumba cha kulia na simu yake. Picha ikaja: ukutani kuna kalenda ya mwaka juzi, na pembeni yake inachungulia ncha ya karatasi yenye muhuri.

"Iondoe hiyo kalenda, mdogo wangu, upige tena."