Jibu Hili Limetokana na Kumbukumbu Ipi?

Tuchukue mfano wa mama anayeuza nguo za mitumba Gikomba. Jumapili anapokea chama nyumbani kwake Umoja, kwa hivyo anaiuliza programu ya akili unde iliyo kwenye simu yake: wageni 15, bajeti shilingi 4,000, nipike nini? Anapendekezewa githeri, ndengu, mchicha, na chai isiyotiwa sukari. Hakuna chapati, hakuna mandazi, hakuna soda. Anauliza tena kwa maneno mengine na kupata orodha ileile. Anabaki akijiuliza kama programu imeharibika, au kama kuna mtu aliyeigusa simu yake.

Programu haijaharibika. Miezi miwili nyuma mama huyu aliiuliza maswali kadhaa kuhusu vyakula vya mgonjwa wa kisukari, kwa sababu mamake mzazi aliyeko Kitui alikuwa ametoka hospitalini. Programu ikaandika sentensi moja katika hifadhi yake: "Mtumiaji ana kisukari." Mgonjwa ni mamake, lakini sentensi inamtaja yeye. Tangu siku hiyo kila swali lake linalohusu chakula hujibiwa kana kwamba yeye ndiye mgonjwa, na kwenye skrini hakuna chochote kinachomdokezea hilo.

Ili kuelewa jinsi ya kumwonyesha chanzo cha jibu, ni vizuri kujua kumbukumbu za programu kama hii hufanya kazi vipi. Modeli, yaani ile sehemu ya programu inayoandika majibu, haijifunzi upya kila unapozungumza nayo. Kwa kawaida kinachohifadhiwa ni sentensi fupi, au muhtasari wa mazungumzo yako, nje ya modeli. Ukiuliza swali jipya, mfumo mara nyingi hutafuta katika hifadhi hiyo sentensi zinazokaribiana kimaana na swali lako, huchagua chache, kisha huziweka mbele ya swali kabla modeli haijaanza kuandika. Ni kama karani anayefungua faili lako la zamani kabla ya kukuandikia barua.

Kwa kuwa uchaguzi huo hufanywa na mfumo kabla ya modeli kuandika, unaweza kuwekwa kwenye rekodi. Mfumo ukipenda unaweza kujua bila kubahatisha ni sentensi zipi zilizowekwa mbele ya swali. Katika mfano wetu tuseme zilikuwa tatu: kwamba ana kisukari, kwamba anauza mitumba Gikomba, na kwamba hupenda kujibiwa kwa Kiswahili. Kuzionyesha chini ya jibu, kila moja na tarehe ilipohifadhiwa na kiungo cha mazungumzo yaliyoizaa, si kazi ngumu ya kiufundi. Kiungo hicho naona ndicho chenye thamani kuliko vyote. Sentensi peke yake ingemshtua tu. Akifungua mazungumzo ya awali ataona mara moja kwamba aliuliza kwa niaba ya mamake, na atajua kosa lilianzia wapi.

Hata hivyo, kumbukumbu kusomwa ni jambo moja, na kulibadilisha jibu ni jambo lingine. Hapa ndipo programu nyingi huweza kumpotosha mtumiaji hata zikiwa na nia njema. Ikiandikwa "jibu hili limetokana na kumbukumbu hizi 3", huo ni ukweli nusu, kwa sababu biashara ya Gikomba huenda haikugusa orodha ya chakula hata kidogo. Wala haisaidii sana kuiuliza modeli yenyewe, "Mbona umeniacha bila chapati?" Itatoa maelezo yanayosikika vizuri, lakini utafiti umeonyesha kwamba maelezo ambayo modeli hutoa kuhusu majibu yake yanaweza kutofautiana na kile kilichoyaathiri kwa kweli.

Njia ya kuaminika zaidi ni kuondoa na kulinganisha. Unauliza swali lilelile mara ya pili huku sentensi moja ikiwa imefichwa. Ukificha ile ya Gikomba na githeri ikabaki palepale, hiyo haina mchango. Ukificha ile ya kisukari na chapati zikarudi, umeipata. Kwa kuwa modeli inaweza kutoa jibu tofauti kidogo kila mara hata kama hakuna kilichobadilika, jaribio hufanywa mara kadhaa, si mara moja. Hilo lina gharama ya muda na ya mitambo, kwa hivyo si lazima lifanywe kwa kila swali. Mimi ningeridhika likifanywa pale mtumiaji anapobonyeza kuuliza sababu.

Kuna mtego mmoja unaowapata hata wakaguzi wazoefu. Tuseme katika hifadhi kuna sentensi nyingine inayosema "Anapunguza sukari." Ukificha ile ya kisukari peke yake, orodha haitabadilika, kwa sababu hii ya pili inaendelea kuivuta upande uleule. Utahitimisha kwamba ya kwanza haina hatia, nawe umekosea. Sentensi zinazofanana kimaana hufichwa kwa pamoja.

Uwazi huu nao una hatari zake. Nairobi simu moja mara nyingi hupita mikononi mwa watoto, mume au mfanyakazi wa dukani, na habari za afya zikitokeza chini ya jibu la mapishi zinaweza kumfikia asiyehusika. Kwa mambo ya afya, dini au familia, ningependa skrini iseme tu kwamba kumbukumbu ya faragha imetumika, na maneno yake yafunguke baada ya mwenye simu kuweka nambari ya siri.

Sheria iko upande wa mtumiaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, katika Kifungu cha 26, inampa mtu haki ya kuelezwa data yake inatumiwa kwa lengo gani, haki ya kuiona, kupinga matumizi yake, na kutaka taarifa za uongo au za kupotosha zirekebishwe au zifutwe. Sheria hiyo inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Lakini haki ya kurekebisha ina maana gani kwa mtu asiyejua kwamba kuna cha kurekebisha? Mama wetu hawezi kulalamikia sentensi ambayo hajawahi kuiona.

Hapa ndipo imani inapojengeka. Akiona sentensi ile, mama huyu anajua kwamba orodha ya chakula haimfai, na anajua pia kwamba ushauri wa jana kuhusu bei ya marobota ya nguo haukuguswa na kosa hilo. Bila kuonyeshwa, angebaki na chaguo mbili mbaya: kuitilia shaka programu kwa kila kitu, au kuikubali kwa kila kitu.

Akisharekebisha, asitosheke na ujumbe wa "imefutwa". Katika baadhi ya programu, kufuta sentensi hakufuti mazungumzo ilikotoka wala muhtasari uliojengwa juu yake, na mfumo unaweza kuiandika upya kutoka huko. Afungue mazungumzo mapya, aulize kuhusu chakula cha chama kama alivyouliza mwanzo, kisha aangalie orodha ya kumbukumbu zilizosomwa. Kama kisukari bado kimo, afute pia mazungumzo ya awali, au aandike wazi kwamba mgonjwa ni mamake, halafu ajaribu tena baada ya siku chache.