Riba ya Kutajwa na Riba Halisi

Riba inayoandikwa kwenye mkataba wa benki ni riba ya kutajwa: inaeleza ni shilingi ngapi zitakazoongezeka juu ya amana. Riba halisi hueleza jambo jingine, yaani ni kwa kiasi gani uwezo wa fedha hizo kununua vitu umekua au umepungua katika muda huohuo.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa maharage katika soko la Mbuyuni, Moshi, anayeweka shilingi 2,000,000 kwa mwaka mmoja katika akaunti ya muda maalumu yenye riba ya asilimia 8. Anapoziweka, kilo ya maharage ni shilingi 2,500, kwa hiyo fedha zake ni sawa na kilo 800. Mwaka ukiisha anapata riba ya shilingi 160,000, ambayo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, akabaki na jumla ya shilingi 2,144,000. Ikiwa bei zimepanda kwa asilimia 5 na kilo sasa ni shilingi 2,625, atanunua takribani kilo 817. Faida yake halisi ni asilimia 2.1 hivi, wala si 8.

Kodi ndiyo sehemu ambayo wengi huisahau, nami naona ndiyo inayouma zaidi. Katika zile shilingi 160,000, shilingi 100,000 zinafidia tu kupanda kwa bei. Nyongeza ya kweli ni 60,000. Hata hivyo kodi hutozwa juu ya riba yote, na hivyo shilingi 16,000 zinazokatwa ni zaidi ya robo ya faida halisi. Kadiri mfumuko wa bei unavyokuwa mkubwa, ndivyo sehemu hiyo inavyozidi kuliwa. Angeziacha fedha hizo katika akaunti ya kawaida ya akiba yenye riba ya asilimia 3, angebaki na shilingi 2,054,000, ambazo hazifikii hata kilo 783, ingawa salio limeongezeka.

Watu wengi hukadiria riba halisi kwa kutoa mfumuko wa bei kutoka kwenye riba, na mfumuko ukiwa mdogo njia hiyo inatosha. Ukiwa mkubwa, kama ule wa karibu asilimia 30 ambao Tanzania iliupitia miaka ya 1980, inapotosha: riba ya asilimia 20 ingeonekana kuleta hasara ya asilimia 10, ilhali hesabu sahihi, 1.20 ÷ 1.30, inaonyesha hasara ya asilimia 7.7.

Ikumbukwe pia kwamba siku ya kutia saini mkataba hujulikana riba ya kutajwa peke yake, kwa kuwa mfumuko wa mwaka unaokuja bado haujatokea. Na kiwango kinachotangazwa kila mwezi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupima bidhaa na huduma nyingi kwa pamoja, si maharage peke yake. Iwapo maharage yamepanda kwa asilimia 10 wakati wastani wa taifa ni 5, mfanyabiashara wetu atapata chini ya kilo 780, yaani amepata hasara katika bidhaa anayoitegemea, hata kama hesabu ya jumla inaonyesha faida.