Tuzo yenye masharti si zawadi ya mteja bora

Zipo kliniki zinazotangaza kuwa zinatibu uraibu wa vichangamshi, yaani dawa za kulevya kama kokeini na methamfetamini, kwa tuzo zenye masharti, na ukiuliza zinafanya nini hasa, unaambiwa kwamba kila mwisho wa mwezi mteja aliyeonyesha bidii hupewa zawadi mbele ya wenzake. Wengine huita hivyo hivyo utaratibu wa kumfukuza mteja ambaye kipimo chake kimeonyesha kokeini. Yote mawili yana nia yake, lakini hakuna hata moja lililo tiba hii, na anayeumia ni mgonjwa. Kwa kokeini na methamfetamini bado hakuna dawa iliyothibitishwa kutibu uraibu wenyewe, na tuzo zenye masharti ndiyo njia yenye ushahidi mkubwa zaidi tuliyo nayo.

Maana yake ni fupi. Mgonjwa na kliniki wanakubaliana juu ya tendo moja linaloweza kupimwa, kwa kawaida mkojo usio na kichangamshi. Kila tendo hilo linapothibitishwa, anapata kitu chenye thamani papo hapo. Lisipothibitishwa hapati, na mambo yanaishia hapo.

Neno la kushika ni papo hapo. Kokeini humlipa mtumiaji ndani ya dakika chache, ilhali faida za kuacha, kama afya, kazi na amani ya nyumbani, huja polepole na kwa mbali. Tuzo inawekwa ili siku ya leo nayo iwe na malipo yake. Zawadi ya mwisho wa mwezi haiwezi kufanya kazi hiyo, kwa sababu inamfikia mtu wiki kadhaa baada ya ile jioni aliyopambana na hamu akashinda. Bidii nayo haipimiki. Muuguzi akianza kuamua nani amejitahidi, tuzo itawaendea wapole na wanaoongea vizuri, na yule mkali asiyesalimia mtu, ambaye hajagusa dawa kwa siku kumi, atatoka mikono mitupu.

Ratiba iliyofungua njia ni ya Stephen Higgins na wenzake katika Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wagonjwa wa kokeini walipimwa mkojo mara tatu kwa wiki kwa wiki 12. Kipimo hasi cha kwanza kilikuwa na thamani ya dola 2.50, na kila hasi iliyofuata mfululizo iliongezwa dola 1.25. Kila hasi tatu mfululizo zilileta nyongeza ya dola 10. Malipo yalikuwa vocha za kununulia vitu, wala si fedha taslimu. Ambaye hakukosa hata mara moja angefikisha dola 997.50.

Mfuate mgonjwa mmoja wa kufikirika katika ratiba hiyo. Wiki ya kwanza anapata 2.50, kisha 3.75, kisha 5, na 10 ya nyongeza. Wiki ya pili anapanda: 6.25, 7.50, 8.75, na 10 nyingine. Jumatatu ya wiki ya tatu anapata dola 10. Jumatano kipimo ni chanya. Siku hiyo hapati kitu, na kipimo hasi kijacho kinarudi kwenye 2.50. Vocha alizokwisha kuzipata ni zake, haziguswi. Akitoa hasi tano mfululizo tangu Ijumaa, thamani inarudishwa pale alipokuwa kabla ya kuteleza. Kanuni hii ya mwisho ndiyo kliniki nyingi huisahau, nami naiona kuwa ya thamani kuliko zote. Kupanda kunamfanya mtu awe na cha kupoteza kadiri siku zinavyokwenda, lakini bila njia ya kurudi juu, kuteleza kwa siku moja kunakuwa sababu ya kuacha matibabu kabisa.

Kliniki yenye fungu dogo inaweza kutumia njia ya Nancy Petry wa Chuo Kikuu cha Connecticut: bakuli lenye karatasi 500. Nusu zina maneno ya pongezi tu, 209 zina tuzo ndogo ya kama dola 1, 40 zina tuzo ya kama dola 20, na moja ina tuzo kubwa ya kama dola 100. Hasi ya kwanza inampa mgonjwa haki ya kuchota mara moja, inayofuata mara mbili, na kuendelea hadi kikomo. Ukipiga hesabu, kila mchoto unaigharimu kliniki dola 2 na senti kidogo kwa wastani. Mwenye tatizo la kamari nisingempa bakuli, ningempa vocha.

Sasa mkojo. Kokeini yenyewe hutoka mwilini upesi, kwa hiyo kinachopimwa ni zao lake, benzoilekgonini, ambalo kwa kawaida huonekana kwa siku mbili hadi nne. Methamfetamini huonekana kwa muda unaokaribiana na huo. Ndiyo maana ya kupima mara mbili au tatu kwa wiki: ukipima mara moja, mtu anaweza kutumia Jumatatu na kuwa hasi Ijumaa, nawe unalipia kitu ambacho hakikutokea. Kwa aliyetumia sana, zao hilo huchelewa kuisha, hivyo mwambie mapema kwamba vipimo vya kwanza huenda vikawa chanya hata kama ameacha.

Tumia kikombe kinachotoa jibu kwa dakika chache, chenye kipande cha kupima joto. Mkojo uliotoka sasa hivi huwa kati ya nyuzi 32 na 38. Majibu ya maabara ya nje huchukua siku, na tuzo haiwezi kuyasubiri. Tatizo ni kwamba kipimo cha amfetamini hudanganywa na dawa halali, kama pseudoefedrini ya mafua au bupropioni. Orodhesha dawa za mgonjwa kabla ya kuanza, si siku ya ugomvi.

Kabla ya mgonjwa wa kwanza, kanuni ziandikwe na pande zote mbili zitie saini. Kukosa kuja bila taarifa kunahesabiwa kama chanya. Udhuru uliokubaliwa haupandishi wala haushushi. Tuzo zifungiwe kabatini, na kila inayotoka iandikwe na watu wawili. Lengo liwe vichangamshi peke yake: kikombe kikionyesha bangi lakini hakionyeshi kokeini, tuzo inatolewa, na bangi inazungumzwa na mshauri. Kipimo kikiwa chanya, mhudumu aseme kwa sauti ile ile ya siku zote kwamba leo hakuna tuzo na Ijumaa nafasi ipo tena. Huduma nyingine zote zinaendelea.

Ina mipaka yake. Tuzo zinapokoma, nguvu yake hupungua kwa wengi, kwa hiyo ushauri uende sambamba tangu mwanzo. Na ikiwa wiki mbili zimepita na wagonjwa wengi hawajawahi kupata hata tuzo moja, tatizo huenda liko kwenye ratiba: thamani ya mwanzo ni ndogo mno, au tuzo ya kwanza iko mbali mno.

Kwa hiyo mwenzangu anaponiambia kwamba kliniki yao ilijaribu tuzo zenye masharti na hazikufaa, huwa namuuliza kwanza ni muda gani ulipita kati ya kikombe na tuzo. Mara nyingi jibu ni wiki tatu au nne, na hapo namwambia kwa upole kwamba tiba hii bado hawajaijaribu.