Maana ya programu za kiwandani, na kwa nini simu ya bei nafuu huwa nzito hata baada ya kufuta picha

Programu za kiwandani ni programu ambazo mtengenezaji huziingiza katika simu kabla haijafika dukani. Baadhi yake ni za lazima, kama ile ya kupiga simu au ya mipangilio, na hizo hazina lawama. Mazungumzo haya yanahusu zile za ziada: duka la pili la programu, kivinjari cha pili, ukurasa wa habari unaofunguka kidole kikiteleza kidogo pembeni, michezo ambayo hukuiomba, na picha za skrini iliyofungwa zinazobadilika kila unapoiwasha simu. Faida ya kuuza simu ya bei ya chini ni ndogo, na kampuni zenye programu hizo huwa tayari kulipa ili ziwemo ndani. Hivyo mtengenezaji hujazia pengo lake kwa nafasi ambayo mnunuzi amekwisha kuilipia.

Juu ya hayo kuna kiolesura cha mtengenezaji. Android yenyewe hutoka Google, lakini kila mtengenezaji huivika vazi lake: simu za Tecno huja na HiOS, za Infinix na XOS. Vazi hilo hubadilisha skrini ya mwanzo, arifa, kamera na mpangilio wa betri, na kila sehemu yake ni kazi inayoendelea wakati simu imewaka. Mwaka 2017 Google ilitangaza Android Go, toleo jepesi kwa simu zenye kumbukumbu ndogo, ila hata toleo hilo halimzuii mtengenezaji kuongeza vitu vyake.

Shangazi yangu huuza omena katika soko la Kibuye, Kisumu, na maagizo yake mengi huingia kwa WhatsApp. Simu yake ina RAM ya GB 2 na hifadhi ya GB 32. Aliniambia, "Mwanangu, nimefuta hata picha za harusi ya ndugu yako, na bado simu inaganda." Nilimwomba anionyeshe. Alikuwa akiandika jibu la mteja, akatoka kwenda kuangalia malipo katika programu ya M-PESA, kisha akarudi WhatsApp. Badala ya kuyakuta maneno yake mahali alipoyaacha, alikuta skrini tupu yenye nembo ya WhatsApp, ikafuata orodha ya mazungumzo ikijijenga polepole. Programu ilikuwa imeanza upya.

Dalili hiyo inaeleza tatizo kuliko neno "nzito". Hifadhi, yaani zile GB 32, ni kama stoo ya mfanyabiashara; RAM ni meza ambayo bidhaa za kuuzwa zimepangwa. Kufuta picha hupunguza mzigo wa stoo. Husaidia pale ambapo stoo imekaribia kujaa, kwa maana hapo hata kuandika faili ndogo huchelewa, lakini hakuipanui meza. Unapotoka katika programu, Android hujaribu kuiacha mezani ili ukirudi uikute ilivyokuwa. Nafasi ikikosekana, mfumo huziua zile usizozitazama wakati huo, na ukirudi lazima zisomwe tena kutoka katika hifadhi, ambayo kwa simu za bei hii mara nyingi ni ya aina ya polepole.

Ni nani basi anayeijaza meza? Programu ya kiwandani inaweza kupewa na mtengenezaji ruhusa ambazo programu uliyoipakua mwenyewe haipati bila wewe kuikubalia, kama vile kujiwasha yenyewe, kukaa nyuma bila kusimamishwa na mpangilio wa betri, na kuonyesha kitu juu ya programu nyingine. Huduma ya picha za skrini iliyofungwa huamka kila unapobonyeza kitufe cha kuwasha, na mtandao ukiwepo hupakua matangazo mapya kwa bando lako. Kwa sababu hiyohiyo programu za "kusafisha RAM" hazina msaada: huziua huduma hizo, nazo huamka tena baada ya muda mfupi, na kule kuamka hula betri na muda wa kichakataji kuliko kama zingeachwa.

Kabla ya kulaumu kiwanda ni vyema kuhakikisha, na njia iliyo wazi ni "Safe mode". Bonyeza kitufe cha kuzima kwa muda, kisha ushikilie maandishi "Power off" au "Restart" mpaka simu iulize kama unataka kuiwasha hivyo. Katika hali hiyo programu zote ulizozipakua mwenyewe husimama, na za kiwandani huendelea. Simu ikiwa nyepesi ghafla, mkosaji ni kitu ulichokiweka wewe. Ya shangazi ilibaki vilevile: kugusa "Settings" kulichukua sekunde kadhaa, na tangazo likajitokeza juu ya skrini. Tangazo la namna hiyo likitokea, bonyeza kitufe cha programu za karibuni kabla ya kulifunga, na mara nyingi utaliona jina la programu iliyolileta. Likija kama arifa, lishikilie kwa kidole mpaka jina lionekane.

Tuliirudisha simu katika hali ya kawaida, tukafungua "Settings", kisha "Apps", tukazipitia moja baada ya nyingine. Duka la pili, kivinjari cha pili, ukurasa wa habari na michezo miwili tulizibonyeza "Disable". Neno hilo halina maana ya kufuta. Programu huacha kufanya kazi na arifa zake hukoma, na masasisho yake yanaondolewa, lakini nakala ya asili hubaki katika sehemu ya mfumo ambayo mtumiaji haigusi. Ndiyo maana pia kuirudisha simu katika hali ya kiwandani, dawa inayopendekezwa na mafundi wengi, hakuziondoi programu hizi: kunazirejesha zote, nazo huanza kujisasisha upya kwa data yako. Naona ni dhuluma kwamba boksi huandikwa GB 32 wakati sehemu kubwa ya nafasi hiyo haitakuwa ya mnunuzi kamwe.

Pale ambapo kitufe cha "Disable" kimefifia, mwenye kompyuta iliyowekwa adb, yaani chombo cha kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, anaweza kuwasha "USB debugging" katika simu, kuiunganisha kwa waya na kutumia amri hizi, ya pili ikiwa ya kurudisha kilichoondolewa:

```
adb shell pm uninstall --user 0 jina.la.programu
adb shell cmd package install-existing jina.la.programu
```

Badala ya jina.la.programu huwekwa jina la kifurushi chake, lile lenye nukta, si lile linaloonekana kwenye skrini. Amri ya kwanza huiondoa programu kwa mtumiaji tu. Nakala ya mfumo haiguswi. Usiitumie kwa jina usilolifahamu, na usiiguse skrini ya mwanzo kabla ya kuweka nyingine, kwa maana simu inaweza kuwaka bila mahali pa kuanzia. Kwa shangazi hatukuhitaji kufika huko. Tulizima picha za skrini iliyofungwa katika mipangilio, tukaiwasha simu upya.

Sasa akitoka WhatsApp kwenda M-PESA na kurudi, anayakuta maneno yake. Akifungua kamera katikati ya kuandika, WhatsApp bado huanza upya, kwa kuwa GB 2 ni zilezile na kamera ni kubwa. Kwa hiyo humaliza kumjibu mteja kwanza, ndipo apige picha ya omena. Majina ya tulizozizima nimeyaandika katika daftari lake la madeni, kwa maana sasisho la mfumo linaweza kuleta nyingine, na atakayeishika simu siku hiyo ajue ni zipi zilizokuwepo.